Vinundu vya mgongoni mwa wazee: majibu ya maswali yenu

Daktari, baba ana miaka 71. Mgongoni ametokwa na vitu vya kahawia kama vimebandikwa. Ni saratani? (Wete)

Yaelekea ni vinundu vya uzeeni, na hivyo havigeuki saratani. Lakini mkalishe mzee karibu na dirisha, avue shati, utazame mwenyewe. Kinundu cha uzeeni hukaa juu ya ngozi kama tone la nta lililoganda. Ukingo wake umeinuka, juu pana mikwaruzo, na ukimulika tochi kwa ubavu utaona vitobo vidogo au vidoti vyeupe. Weusi peke yake usikutishe, vingi huwa vyeusi kabisa.

Melanoma, saratani ya chembe za rangi, kwa kawaida huanza bapa na kutambaa. Doa moja hubeba rangi kadhaa, ukingo umepindapinda, na hubadilika katika wiki au miezi. Kwa hiyo tafuta kile kisichofanana na wenziwe, au kinachotoka damu bila kuguswa. Hicho kipelekwe hospitali, kikatwe kipande, kipimwe.

Ukimaliza mgongo, tazama nyayo. Kwetu watu weusi melanoma hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Ya Bob Marley, aliyefariki 1981, ilianzia kwenye kidole cha mguu. Tunahangaika na mgongo wa mzee huku doa la unyayoni likisingiziwa mwiba wa pwani mwaka mzima.

Vinaambukiza? Tunatumia taulo moja.

Hapana.

Jirani kanambia niviunguze kwa mafuta ya maganda ya korosho. Nisubiri siku ngapi vidondoke?

Kila mwezi swali hili, na kila mwezi nasema: acheni! Mafuta yale huunguza ngozi nzima, si kinundu peke yake. Mtu huja na kidonda kibichi, na mimi siwezi tena kujua pale palikuwa na nini. Kama kilikuwa melanoma, umeunguza juu na mzizi umebaki.

Kikikukera kwa kukwama kwenye nguo, daktari hukikwangua kwa ganzi au hukigandisha kwa naitrojeni ya maji. Muulize kwanza kuhusu kovu, maana kugandisha huweza kuacha baka jeupe kwenye ngozi nyeusi. Na kama kulikuwa na shaka yoyote, kilichokwanguliwa kisitupwe, kiende maabara.

Bi mkubwa hakuwa navyo. Miezi miwili hii vimemjaa mgongo mzima, vinamuwasha, na amekonda. (Makunduchi)

Hili silichukulii kama lile swali la kwanza. Vinundu vya uzeeni huja polepole, kwa miaka. Vikimiminika kwa ghafla, hasa pamoja na kukonda, mara chache huwa ni ishara ya saratani ya ndani, mara nyingi ya tumbo. Vinundu vyenyewe bado si saratani, kwa hiyo kuviondoa hakumsaidii. Mpeleke wiki hii, usimwambie daktari "ana vipele" tu. Mwambie vilianza lini, amepungua kilo ngapi, anakula vipi, na choo chake kama kimekuwa cheusi.