Kuwapa watawa wa Kibuda chakula asubuhi, Thailand

SWALI: Kaka naenda Chiang Mai kikazi wiki mbili, nataka asubuhi moja niwape watawa chakula kama wanavyofanya wenyeji. Mimi mwanamke, nikae vipi, nitoe nini, na niseme nini?

JIBU: Dada, amka mapema, saa kumi na mbili alfajiri wanakuwa washaanza kupita mitaani, peku, kila mtu na bakuli lake. Kosa ninaloliona kila siku kwa wageni ninaowatembeza ni la viatu. Mtu anavua kandambili halafu anasimama juu yake ili asichafue miguu, sasa mtawa yuko chini yeye yuko juu, hapo umeharibu. Vua, kanyaga ardhi yenyewe.

Chakula kinunue sokoni kikiwa kimeshapikwa: wali kwenye mfuko, mchuzi, tunda, maji ya chupa. Tuseme wanakuja watatu, basi andaa mafungu matatu na uanze na wa mbele, maana kwa kawaida ndo mkubwa wao kwa miaka ya utawa, hata kama wa nyuma ana mvi. Ukitaka asimame sema taratibu "nimon kha", yaani namwalika, kha ni adabu ya mwanamke. Akifungua bakuli shusha mfuko ndani bila kugusa mkono wake wala nguo yake. Siku nyingine hekaluni ukitaka kumkabidhi kitu mkononi atatandika kitambaa, we weka pale juu, usione kakudharau, ndo utaratibu wao kwa wanawake.

Nyama inaruhusiwa, watu wengi hawaamini hili. Masharti ni kwamba asiwe ameona, kusikia au kushuku kuwa mnyama kachinjwa kwa ajili yake, kwa hiyo kuku wa kukaanga wa sokoni hana shida. Nyama mbichi hapana, mchele usiopikwa usitie kwenye bakuli, na ya nyoka, mbwa, farasi au tembo imekatazwa kabisa hata ikipikwa. Pombe usiwaze.

Hela nazo acha, kanuni yao inawakataza kupokea, japo utaona wenyeji wengine wanachomeka bahasha. Na ukikuta mtu kavaa joho la njano anazunguka na bakuli mchana anaomba noti, mpite tu, maana mtawa wa kweli haruhusiwi kula baada ya saa sita mchana, sasa hilo bakuli la nini?

Ukishaweka, chuchumaa au piga magoti, unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa. Ataimba baraka kwa Kipali, lugha ya kale ya dini yao, sekunde chache tu. Hatasema asante na wewe usiisubiri, kwa wao anayepata thawabu ni mtoaji. Usimuulize jina wala anatoka hekalu gani, akimaliza anaondoka kimya, na wewe ndo unavaa kandambili zako.