Jedwali la z lisilo na namba hasi

"Jedwali kwenye picha linaanzia 0.0, hakuna hasi. P(Z < −1.25) naipataje?"

Ni 0.1056. Soma kama 1.25 chanya: shuka hadi mstari wa 1.2, kata kulia hadi safu ya 0.05, utakuta 0.8944. Mkunjo unalingana pande zote mbili, kwa hiyo eneo lililo kushoto mwa −1.25 ni sawa na lile la kulia mwa 1.25, yaani 1 − 0.8944.

Mwingine aliyekujibu kwamba utoe namba ya jedwali kwenye 0.5 hajakosea kabisa, ila hiyo ni kwa jedwali ambalo kisanduku chake cha kwanza ni 0.0000. Lako linaanza na 0.5000. Picha imepigwa kimshazari, basi ukisoma 0.8962 ujue umeteleza hadi safu ya 0.06.