Cannot Say huchaguliwa lini?

"Mtihani wa mchujo wa wahitimu, ile sehemu ya kusoma aya, Cannot Say naiweka wakati gani? Nimeanguka hapo mara mbili."

Ndugu, kati ya majibu matatu ya kila sentensi, True, False na Cannot Say, hiyo ya mwisho iweke pale aya yenyewe isipothibitisha wala kupinga sentensi, hata kama wewe unaujua ukweli wake. Tuseme aya inasema mauzo ya Mwanza yalipanda baada ya meneja mpya kuanza kazi. Sentensi: "Meneja mpya ndiye aliyepandisha mauzo." Hiyo ni Cannot Say, kwa sababu "baada ya" si "kwa sababu ya". Mimi nilikuwa nakosa hapohapo kwa kuleta niliyosomea chuoni.

Anayesema "ukiwa na shaka weka Cannot Say" kapatia nusu. Aya ikisema matawi yote ya benki hufungwa Jumapili, kisha sentensi ikadai tawi lake la Tanga hufunguliwa siku hiyo, ni False, ingawa Tanga haikutajwa. Neno "yote" limeshaifunga.

Kubahatisha ukiishiwa muda ni suala jingine. Baadhi ya mitihani hukata alama kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo soma ukurasa wa maelekezo kabla ya kubonyeza Start.