Kisa kifupi, uamuzi mmoja: namna ninavyotunga maswali ya mtihani wa tiba

Mwalimu kijana wa Lubumbashi ameniandikia akiuliza kwa nini wanafunzi wanaojibu vizuri maswali yake ya mtihani hawajui waanzie wapi wanapofika wodini. Jibu langu ni kwamba anawauliza wanachokumbuka, hali wodini wanatakiwa kuamua. Hapa Bukavu mimi hutunga maswali ya aina nyingine: kisa kifupi, kisha mwanafunzi anachagua uamuzi ulio muhimu kuliko yote kwa wakati huo. Georges Bordage na Gordon Page ndio walioeleza wazo hili katika miaka ya 1980, na Baraza la Tiba la Kanada likalitumia katika mitihani yake. Walisema kwamba katika kila tatizo la mgonjwa zipo hatua chache tu zinazoamua hatima yake, na swali liulize hizo, hasa pale ambapo wengi hukosea.

Kwa hiyo mimi sianzi na ugonjwa, naanza na kosa. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la mama anayepata degedege siku chache baada ya kujifungua: kipimo cha haraka cha malaria kinatoka chanya, na wastajeri wote wanakimbilia artesunati. Kifafa cha mimba kinawapita kwa sababu mtoto amekwisha kuzaliwa. Kabla ya kuandika kisa, ninaandika uamuzi wenyewe kwa sentensi moja: mama huyu apewe sulfati ya magnesiamu, dawa ya kifafa cha mimba, bila kungoja vipimo zaidi. Kisha naandika kisa:

"Mama wa miaka 22 alijifungua siku mbili zilizopita. Tangu asubuhi anaumwa kichwa, na sasa amepata degedege la mwili mzima lililodumu dakika mbili. Amelazwa kwa ubavu, njia ya hewa iko wazi, anapewa oksijeni. Joto ni 37.2, shinikizo la damu 150/100, sukari ya damu 95 mg/dl. Alimaliza dawa za malaria wiki mbili zilizopita. Kipimo cha haraka ni chanya. Chagua uamuzi mmoja wa kwanza."

Orodha ya chaguo ina artesunati, dripu ya diazepamu, sulfati ya magnesiamu, hidralazini, kuchukua maji ya uti wa mgongo, na kungoja protini ya mkojo.

Kila neno la kisa hicho lina kazi. Ubavu, oksijeni na sukari vimetajwa kwa sababu daktari mzuri angevishughulikia kwanza. Nisipovitaja, mwanafunzi bora atatafuta kupima sukari, nami nitamnyima alama kwa haki yake. Malaria iliyotibiwa imetajwa kwa sababu kipimo hicho hutafuta protini ya vimelea, ambayo inaweza kubaki damuni kwa wiki kadhaa baada ya tiba. Diazepamu imo kwa sababu bado inapendwa, ingawa utafiti mkubwa wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba magnesiamu huzuia degedege lisirudi vizuri kuliko diazepamu.

Shinikizo la damu ndilo lililoniletea maneno. Jopo moja la mitihani lilinirudishia swali hili likitaka niandike 190/120 "ili liwe wazi", na mkubwa mmoja akasema mbele ya wenzangu kwamba ninawatega watoto wa watu. Maneno yale bado yananiuma, kwa sababu swali lilikuwa sahihi. Kuanzia 160/110 dawa ya kushusha shinikizo ni ya haraka pia, na hapo swali lingekuwa na majibu mawili mazuri. Kwa 150/100 hidralazini inaweza kungoja, magnesiamu haiwezi. Mwaka huu jopo jingine limelipitisha bila kubadilisha hata tarakimu, nami nimefurahi sana.

Ndugu mwalimu, kabla ya kupeleka swali, mpe mwenzako kisa bila orodha, umwulize angefanya nini. Akikwambia kwamba kwanza angefanya jambo jingine, na jambo hilo ni la haki, liingize ndani ya kisa kama limekwisha kufanyika. Usimshawishi, badilisha kisa. Na kisa kimoja kikitoa swali la pili, liwe uamuzi mwingine kabisa. Langu linasema kwamba saa nne zimepita tangu dozi ya kwanza, mama anapumua mara 18 kwa dakika, lakini goti halistuki likigongwa na mkojo ni mililita 60 tu kwa saa zote nne. Anayechoma dozi inayofuata kwa kuwa saa imefika amekosa. Jibu ni kuizuia, kwa sababu huenda magnesiamu imezidi mwilini, na kuendelea kumchunguza.

Baada ya mtihani, tazama walichochagua wale wenye alama za juu. Wakigawanyika kati ya chaguo mbili, rudi kwenye kisa kabla ya kuwalaumu. Katika swali langu walioanguka wengi walichukua artesunati, na walikuwa wale wale waliokosa maswali mengine ya uzazi.