Mizani inasema mifupa imepungua: je, ni kweli?

*Habari mtaalamu. Nina miaka 43, urefu sentimita 162. Nilinunua mizani janja, na ndani ya wiki 5 za kupunguza wanga nimetoka kilo 78.0 hadi 75.0. Lakini ripoti ya kwenye simu imenitisha. Mafuta yametoka asilimia 38.0 hadi 36.9, "Muscle Mass" kilo 45.9 hadi 44.9, "Bone Mass" kilo 2.5 hadi 2.4, na "Body Water" imepanda kutoka asilimia 45.3 hadi 46.0. "BMR" ni 1392 na "Metabolic Age" ni 54! Je, ninapoteza mifupa? Na kwa nini maji yanaongezeka wakati mwili unapungua?*

Dada yangu, mifupa yako haijaguswa. Kujua kwa nini nasema hivyo kutakusaidia kuzisoma namba nyingine zote, kwa hiyo nianze na kile ambacho mizani hiyo inakifanya ukipanda juu yake.

Mizani inapima vitu viwili tu. Cha kwanza ni uzito. Cha pili ni ukinzani wa umeme: mkondo hafifu sana, usioweza kuuhisi, unaingia kwa unyayo mmoja, unapanda mguu, unapita nyonga na kushuka mguu wa pili. Maji yenye chumvichumvi ndani ya misuli yanaupitisha umeme kwa urahisi, ilhali mafuta yanauzuia. Mizani inachukua ukinzani huo, inaujumlisha na urefu, umri na jinsia uliyoiandikia kwenye simu, kisha inakadiria kilo za mwili zisizo mafuta. Namba nyingine unazoziona zimetokana na kadirio hilo moja.

Ripoti yako yenyewe inathibitisha. Siku ya kwanza, asilimia 38.0 ya kilo 78 ni mafuta kilo 29.6. Zinabaki 48.4, ambazo ni misuli yako 45.9 na mifupa 2.5 kamili. Maji ni asilimia 45.3 ya kilo 78, yaani kilo 35.3. Gawanya 35.3 kwa 48.4, utapata asilimia 73. Sasa chukua ripoti ya pili: mafuta kilo 27.7, kisicho mafuta 47.3, maji kilo 34.5. Gawanya tena, utapata asilimia 73 ileile. Hilo si jambo la bahati. Wataalamu wa mwili hukadiria kwamba sehemu isiyo mafuta ya mtu mzima mwenye afya ina maji kiasi cha asilimia 73, na mizani yako inaelekea kutumia kadirio hilohilo. Maji hayakupimwa peke yake.

Hapo utaona pia kwamba maji yako hayakuongezeka. Kwa kilo yamepungua, kutoka 35.3 hadi 34.5. Asilimia imepanda kwa sababu mafuta, ambayo yana maji kidogo sana, yamepungua zaidi, hivyo sehemu yenye maji imekuwa kubwa zaidi ndani ya mwili mdogo. Usiitumie namba hiyo kujua kama unakunywa maji ya kutosha. Mtu mwenye mafuta mengi ataonyeshwa asilimia ndogo hata akinywa ndoo nzima.

Tuje kwenye mifupa, maana ndiyo iliyokukosesha usingizi. Mkondo ule hauwezi kuutenga mfupa na nyama iliyouzunguka. Mizani inakadiria madini ya mifupa kutokana na kilo zisizo mafuta, na kwako ni kama asilimia 5 mara zote mbili. Kisicho mafuta kikishuka, "mifupa" inashuka nacho kwenye hesabu. Tena tazama ukubwa wa badiliko: kutoka 2.5 hadi 2.4 ni asilimia 4 kwa wiki 5. Mwanamke aliye kwenye ukomo wa hedhi, kipindi ambacho mifupa hupungua haraka, hupoteza kiasi cha asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka mzima. Hatari ya kweli ni ya upande wa pili: mama mwenye mifupa iliyodhoofika anaweza kuonyeshwa namba nzuri kabisa kwa sababu ana misuli mingi, akatulia. Kama umewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, hedhi imekoma mapema, au umetumia dawa za steroidi kwa miezi, kipimo kinachofaa ni DXA, yaani eksirei ya kupima madini ya mifupa, hospitalini, hata kama mizani inakusifu.

Kilo 1.0 ya misuli nayo isikukatishe tamaa bado. Neno "misuli" kwenye ripoti hiyo lina maana pana: kila kisicho mafuta wala mfupa kimewekwa humo, pamoja na maini, moyo, damu na maji yote. Umepunguza wanga. Wanga huhifadhiwa kwenye misuli na maini kama glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu 3 za maji. Akiba hiyo ikipungua kwa gramu 250, mwili unakuwa mwepesi kwa kilo 1 bila kupoteza uzi mmoja wa msuli. Sisemi kwamba hukupoteza msuli wowote. Ninachosema ni kwamba vipimo viwili vya mizani haviwezi kukuambia kama kilichopungua ni msuli au ni akiba hiyo na maji yake.

"Metabolic Age" ndiyo namba ninayoiamini kidogo kuliko zote. BMR ni kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika kabisa, na umri huo hupatikana kwa kulinganisha BMR yako na jedwali la kampuni. Kila kampuni ina lake. Hebu tuijaribu kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo sisi wa lishe tunaitumia sana, kwa mwanamke:

```
BMR = 10×75 + 6.25×162 − 5×43 − 161 = 1386.5
```

Mizani yako imesema 1392. Kwa kanuni hii, wewe una umri wa miaka 42! Ona pia kwamba kila mwaka wa umri unapunguza kalori 5 tu. Ile miaka 11 ya ziada iliyokuhuzunisha ingekuwa kalori 55 kwa siku, kama vijiko vidogo 3 na nusu vya sukari, wakati kanuni yenyewe inaweza kukosea kwa asilimia 10 kwa mtu mmoja mmoja, yaani karibu kalori 140.

Ukitaka mizani ikufae, pima asubuhi baada ya haja na kabla ya kula, siku zilezile za wiki, miguu ikiwa safi. Nyayo kavu zenye sugu huongeza ukinzani, nawe utaonyeshwa mafuta mengi kuliko uliyonayo. Jioni maji hushukia miguuni na mafuta "hupungua". Siku za kukaribia hedhi namba huyumba pia. Andika wastani wa wiki, kisha linganisha wiki ya kwanza na ya nne ya mwezi. Na kama mtu wa nyumbani ana kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, asiipande kabisa.

Kuhusu misuli, ipime kwa kazi. Weka kiti ukutani, kunja mikono kifuani, simama na ukae mara 5 kwa haraka uwezavyo huku mtu akihesabu muda. Andika sekunde zako leo na urudie kila mwezi. Zikibaki zilezile au zikipungua huku kiuno kikipungua kwa futi ya fundi cherehani, endelea na mpango wako. Zikiongezeka kila mwezi, ongeza maharage, dagaa au mayai kwenye mlo na anza mazoezi ya kubeba uzito. Zikizidi 15, mwone daktari.