Droni inatetema baada ya kuwekewa sponji

Swali: Fundi, droni yangu ya propela za inchi 5 inatetema na mota zinapata moto. Niliweka sponji nene chini ya bodi ya kuongozea ili kupunguza mtikisiko, lakini hali imezidi. Kwenye grafu ya jairo naona vilima viwili: kimoja kinahama kati ya 150 na 300 Hz ninapoongeza nguvu, kingine kimeganda kwenye 70 Hz. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, anza na kilima kinachohama. Kinafuata kasi ya mota: 200 Hz ni mizunguko 12,000 kwa dakika. Hicho chanzo chake ni propela au mota, na hakuna sponji itakayokiondoa. Uzito wa ziada wa gramu 0.01 tu, ukiwa sentimita 6 kutoka katikati, kwa kasi hiyo huvuta kwa nguvu inayokaribia newtoni 1, sawa na kuning'iniza gramu 100 pembeni. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne.

Vua propela zote kwanza, uzungushe mota moja moja. Inayotetema ikiwa tupu ina shafti iliyopinda au beringi iliyochoka, na hiyo usiisawazishie propela. Zikiwa shwari, weka kila propela kwenye kipimio cha usawa chenye sumaku. Panga linaloshuka ndilo zito; lipitishe msasa mwembamba upande wa chini, kidogo kidogo, bila kugusa ukingo wa mbele wala kufupisha ncha, mpaka propela itulie popote unapoiacha. Selotepu kwenye panga jepesi hufaa pia, ila kwa kasi hizi huweza kuchomoka. Panga lililopinda usihangaike nalo, badilisha propela.

Sasa kile cha 70 Hz. Hakihami kwa sababu hakitoki kwenye mota: ni bodi yenyewe inayoyumba juu ya sponji. Sponji au raba yoyote huanza kuzuia mtikisiko pale tu mtikisiko unapozidi takriban mara 1.4 ya masafa yake ya asili. Yako inazuia kuanzia karibu 100 Hz kwenda juu, lakini kwenye 70 inakuza. Tena 70 Hz ni karibu mno na miendo halisi ya droni. Ukikikata kwa filta, taarifa za jairo zinachelewa na droni inakuwa nzito kuitikia.

Toa sponji, uweke raba ndogo kwenye matundu manne ya bodi. Kaza skrubu mpaka raba ishike tu. Ikibonyea hadi kujaa pembeni, imekuwa kama chuma na haizuii kitu. Ukiisukuma bodi kwa kidole inatakiwa icheze kidogo na irudi yenyewe. Kagua pia nyaya: waya mnene wa betri ulionyooka na kuegemea bodi huipitishia mtikisiko moja kwa moja, hata raba ikiwa nzuri. Uache na mkunjo uliolegea.

Rusha tena kwa mwendo uleule, ulinganishe data ghafi za jairo, zile za kabla ya filta. Kilima cha 70 kikihamia Hz za juu zaidi na kufifia, raba imekaa sawa. Kinachohama hakitapotea kabisa, kitapungua kimo. Kisipopungua, hamisha propela moja kwenye mota nyingine inayozunguka upande uleule uone kama mtikisiko unaifuata.