Raki haina lebo hata moja: anzia kwenye soketi ya ukutani

*"Wakuu, ofisini tuna swichi mbili za poti 24 na pachi paneli mbili, hakuna lebo popote. Mtu akikosa mtandao nachomoa waya mmoja mmoja mpaka niupate wa kwake. Nianzie wapi?"*

Mkuu, nimepita hapo hapo. Ofisi niliyoikuta ilikuwa nyumba ya kuishi hapa Area C, Dodoma, iliyogeuzwa ofisi. Raki ipo kwenye kilichokuwa stoo ya jikoni na nyaya zote zimepita darini. Siku ya mishahara mashine ya uhasibu ikakata mtandao. Nilianza saa tatu asubuhi, nikaupata waya saa nane mchana, na njiani nikawa nimeshaizima printa ya masijala na simu ya bosi. Ubovu wenyewe: kishikizo cha plagi kwenye raki kilivunjika, waya ukalegea. Dakika moja ya kazi, saa tano za kutafuta.

Usianzie kwenye swichi, na usianze na majina ya watu. Watu huhama meza, soketi haihami. Paneli ya juu iite A, ya chini B. Soketi inayoishia nafasi ya 14 ya paneli A iitwe A14, na uandike A14 hiyo hiyo ukutani. Wengi huweka namba moja ukutani na nyingine kwenye paneli, halafu wanahitaji jedwali la kutafsiri namba zao wenyewe.

Kujua soketi ipi inaishia wapi, azima kile kifaa cha mlio cha mafundi simu. Kipande kimoja kinachomekwa ukutani, kingine unakipitisha kwenye paneli mpaka kilie. Hapa kuna mtego: waya ukiwa bado umechomekwa kwenye swichi, vifaa vingi vya bei ya kawaida havisikiki vizuri. Kwa hiyo lazima uuchomoe. Lakini kabla hujachomoa chochote, piga picha raki nzima, kisha andika kila waya wa pachi umetoka poti ipi ya swichi kwenda nafasi ipi ya paneli. Sisi tulikuwa wawili, soketi 41, ikatumaliza Jumamosi nzima. Mmoja anatembea na kitochi na kifaa, mwingine amekaa stoo anaandika.

Baada ya hapo ndipo unaingia kwenye swichi. Zangu ni za Cisco. Poti 9 kwangu inakwenda A14, hazifanani namba, na wala usihangaike kuzifananisha:

```
interface GigabitEthernet1/0/9
 description A14 uhasibu dirishani
```

Namba ya paneli itangulie daima. Sababu utaiona ukiandika `show interfaces status`: safu ya jina inakata maneno baada ya herufi 18.

```
Port     Name               Status     Vlan Duplex Speed
Gi1/0/9  A14 uhasibu dirish connected  20   a-full a-100
```

Kama ungeanza na "Kompyuta ya dada wa uhasibu A14", hiyo A14 usingeiona kabisa hapo. Ukitaka maelezo yote, tumia `show interfaces description`. Ukimaliza, `write memory`. Nasema hili kwa uchungu: mara ya kwanza niliandika poti zote nikasahau kuhifadhi, jioni umeme ukakatika, asubuhi swichi imeamka safi kama haijawahi kuguswa.

Lebo zenyewe, achana na selotepu na kalamu ya wino. Vumbi letu hili la kiangazi linaingia chini ya gundi na baada ya miezi miwili lebo ziko sakafuni. Futa kwanza kwa spiriti, subiri ikauke, halafu bandika lebo ya mashine, ile yenye plastiki juu. Waya wa pachi uwekee lebo ncha zote mbili.

Sasa ramani. Wengi wanaishia kwenye safu tatu: nafasi ya paneli, chumba, poti ya swichi. Ongeza mbili, ndizo zimenilipa kuliko zote: urefu wa waya ukiwa mzima, na njia unayopita darini. Urefu nilipima kwa swichi yenyewe, maana zangu zina kipimo hicho (siyo kila modeli inacho). Chomoa kompyuta upande wa ukutani, kisha:

```
test cable-diagnostics tdr interface gi1/0/9
show cable-diagnostics tdr interface gi1/0/9
```

Subiri sekunde chache kati ya amri hizo mbili, na fanya baada ya saa za kazi kwa sababu kipimo kinaweza kuikata poti. Jozi zote nne za nyaya ndogo zilizomo ndani ya waya zitasema `Open`, yaani mwisho wake uko wazi, kwa umbali unaokaribiana. Huo ndio urefu wote, pamoja na waya wa pachi. A14 ilitoa mita 46.

Mwaka uliofuata dada wa uhasibu akaja: "Kaka, mtandao upo ila unasuasua." Nikaangalia poti 9, nikakuta hicho ulichokiona juu: `a-100`, wakati majirani zake wote wako `a-1000`. Kasi ya 100 inahitaji jozi mbili tu za waya, ile ya 1000 inazihitaji zote nne. Kwa hiyo jozi moja ikifa, swichi nyingi hushuka kimyakimya na taa inaendelea kuwaka. Nilibadilisha kwanza waya wa pachi, hali ileile. Jioni nikachomoa kompyuta yake, nikapima:

```
Pair A  46 +/- 4 meters  Open
Pair B  46 +/- 4 meters  Open
Pair C  47 +/- 4 meters  Open
Pair D  29 +/- 4 meters  Open
```

Jozi tatu zinafika ukutani, ya nne inaishia mita 29 kutoka kwenye swichi. D ni pini 7 na 8, yaani jozi ya kahawia. Ile 46 kwenye ramani ilinithibitishia kwamba soketi iko mbele zaidi, na 29 ni mahali ilipokatika. Safu ya njia ilisema: raki, korido, juu ya masijala, uhasibu. Nikahesabu mita 29 kwa hatua korido nzima, nikaangukia juu ya kabati la mafaili la masijala. Kumbuka ile mita nne huku na huku. Usimwambie fundi atoboe dari mahali pamoja, mwambie afungue mbao za dari mbili au tatu.

Kabla sijasahau: ramani inakufa siku mtu anapohamisha waya mmoja bila kuandika. Mimi nimebandika nakala ndani ya mlango wa raki na penseli imefungwa kwa uzi. Anayehamisha anaandika palepale, na kila mwisho wa mwezi nahamishia kwenye kompyuta. Poti zisizotumika nazo zina maelezo, "A22 wazi", ili nijue ni wazi kweli na siyo kwamba nimeisahau.

Fundi alipanda na tochi. Panya. Jozi ya kahawia imekatika, ya bluu ina alama za meno. Hatukuunga, tulivuta waya mpya ndani ya bomba la plastiki kwa kuzunguka ukuta wa masijala. Nikapima, nikafuta 46 kwa penseli, nikaandika 51.